Rosasea: ugonjwa wa uso tunaouita chunusi

Mtu wa miaka 35 au 40 akiota vipele mashavuni na puani, yeye mwenyewe, jirani yake na mhudumu wa duka la dawa hukubaliana upesi juu ya jina: chunusi. Kinachofuata kinajulikana. Hununuliwa sabuni ya dawa, kisha maji ya kukausha mafuta, kisha kitu cha kusugulia uso, na vyote vikishindwa hununuliwa krimu ambayo shoga au rafiki ameisifia. Kwa baadhi ya watu hawa jina lenyewe ndilo kosa la kwanza, na makosa mengine yote huzaliwa humo. Hawana chunusi. Wana rosasea, ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo kingine na wenye vitu vyake vinavyouchokoza. Ninavyoona, sababu kubwa inayoufanya upite bila kutambuliwa katika ngozi nyeusi ni kwamba vitabu vimefundisha watu kuutafuta kwa macho, kwa kufuata wekundu. Katika ngozi zetu ushahidi wake wa kwanza ni joto, na joto halionekani kwa jicho. Ni lazima mgonjwa aulizwe.

Rosasea ni ugonjwa wa muda mrefu unaokaa katikati ya uso, yaani mashavuni, puani, kidevuni na katikati ya paji. Hauambukizi na hautokani na uchafu. Mara nyingi huanza baada ya umri wa miaka 30. Dalili yake ya mwanzo ni uso kupamba moto ghafla: damu hukimbilia kwenye ngozi, uso ukawaka kwa dakika kadhaa au hata zaidi, kisha ukatulia. Miezi na miaka ikipita, kuwaka huko huchelewa kutulia, hadi ngozi ikabaki na wekundu usioondoka. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na juu ya ngozi, kwa kutanuka mara kwa mara, hubaki imepanuka na kuonekana kama nyuzi nyembamba pembeni mwa pua na juu ya mashavu. Kwa wengine huja vipele vigumu na vyenye usaha. Kwa wachache, hasa wanaume, ngozi ya pua hunenepa na kuwa na mabonde. Macho nayo huweza kushikwa. Si kila mgonjwa hupitia yote hayo, wala hayaji kwa mpangilio mmoja. Ndiyo maana watu wawili wenye ugonjwa huu wanaweza wasifanane hata kidogo.

Mkanganyo na chunusi una umri mrefu. Mapema katika karne ya 19, daktari wa Uingereza Thomas Bateman, alipokuwa akipanga magonjwa ya ngozi kwa makundi, aliuweka ugonjwa huu ndani ya ukoo wa chunusi na kuuita chunusi nyekundu. Jina hilo liliendelea kutumika katika hospitali nyingi hata baada ya sayansi kuutenganisha ugonjwa huu na ukoo huo. Bateman alikuwa akitazama nyuso nyeupe za Waingereza, na wekundu ulikuwa mbele ya macho yake. Picha za vitabu vilivyofuata zilikuwa za nyuso kama hizo. Mwanafunzi wa udaktari aliyejifunza kwa picha hizo akija kukutana na mgonjwa mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, hataona alichofundishwa. Rangi ya ngozi hufunika rangi ya damu iliyo chini yake. Wekundu huonekana kama weusi wa kahawia au wa zambarau hafifu, au hauonekani kabisa, na nyuzi za mishipa hupotea ndani ya rangi hiyo. Kinachobaki kuonekana ni vipele tu, na vipele bila wekundu huitwa chunusi.

Hapa kuna pingamizi linalostahili jibu: je, huu si ugonjwa wa Wazungu? Kwa nini tujisumbue? Ni kweli kwamba watu wenye ngozi nyeupe sana ndio wanaotajwa zaidi. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika na kukadiria kwamba watu wazima wapatao 5 katika kila 100 duniani wana rosasea, lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo ilitoka Ulaya. Marekani, uchambuzi wa ziara za wagonjwa kwa madaktari kati ya mwaka 1993 na 2010 ulionyesha kwamba katika waliopewa jina hilo la ugonjwa, weusi walikuwa asilimia 2 tu. Takwimu hiyo ina pande mbili. Inawezekana kwamba weusi hawaugui sana, kwa kuwa rangi ya ngozi huikinga na jua, na jua ni mchokozi mkubwa wa ugonjwa huu. Inawezekana pia kwamba wanaugua lakini hawatambuliwi. Siamini kwamba jibu ni moja tu kati ya hayo mawili, ila la pili lina ushahidi wake. Mwaka 2017 Ncoza Dlova na Anisa Mosam, madaktari wa ngozi wa Afrika Kusini, walichapisha taarifa ya wagonjwa weusi wa huko wenye ngozi za rangi iliyokolea kabisa ambao walikuwa na rosasea bila shaka. Ugonjwa adimu ni adimu kwa takwimu, lakini kwa aliye nao upo uso mzima. Na akitibiwa kwa dawa ya ugonjwa mwingine, uadimu haumsaidii kitu.

Basi mtu atautambuaje? Tuanze na chunusi yenyewe. Chunusi huanzia kwenye kitundu cha kinyweleo kilichoziba. Mafuta ya ngozi na seli zilizokufa hujikusanya humo na kufanya kizibo. Kizibo hicho kikiwa wazi juu, huonekana kama kidoa cheusi. Kikifunikwa, huonekana kama kijipunje cheupe kisicho na maumivu. Vipele vyekundu na vya usaha huja baadaye, juu ya msingi huo. Kwa hiyo ukikagua vizuri uso wa mwenye chunusi, kwa mwanga wa dirishani na kwa kuvuta ngozi kidogo kwa vidole, utakuta vizibo hivyo pembeni mwa vipele, kwenye paji, puani na kidevuni. Rosasea haina vizibo. Vipele vyake havianzi kwenye kitundu kilichoziba, bali hutokea katika ngozi ambayo mishipa yake ya damu na neva zake tayari zimekasirishwa. Hii ndiyo tofauti ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haitegemei rangi ya ngozi. Kizibo huonekana katika ngozi nyeusi kama kinavyoonekana katika ngozi nyeupe.

Tofauti nyingine husaidia, lakini hazina nguvu sawa. Chunusi hupenda kushuka kifuani na mgongoni, ilhali rosasea kwa kawaida hukaa usoni. Chunusi huanza wakati wa balehe, ingawa wanawake wengi huipata au huendelea nayo hata baada ya miaka 30, hivyo umri peke yake haumalizi kesi. Ngozi ya chunusi mara nyingi ina mafuta na huvumilia dawa kali, lakini ya rosasea huchoma na kuwasha hata kwa losheni ya kawaida. Macho ya mwenye chunusi hayahusiki. Ya mwenye rosasea huweza kuwa makavu, yakikwaruza kana kwamba yameingia mchanga, yakitoa chokea mara kwa mara. Kuna jambo moja zaidi la kusema kwa uaminifu: mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili pamoja. Kuona vizibo hakuiondoi rosasea kabisa, lakini kutokuviona popote kunapaswa kumfanya mtu asite kabla ya kusema chunusi.

Na joto linatoka wapi? Katika ngozi ya uso kuna neva nyembamba zenye vipokezi vinavyohisi moto. Kipokezi kimojawapo ndicho hicho hicho kinachoamshwa na ukali wa pilipili, ndiyo maana pilipili huhisiwa mdomoni kama kitu cha moto. Kwa mwenye rosasea vipokezi hivi huamka upesi mno na kuamuru mishipa itanuke. Juu ya hayo, kinga ya asili ya ngozi imepotoka. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Richard Gallo wa California lilionyesha kwamba ngozi ya wagonjwa ina wingi usio wa kawaida wa protini ya kinga, iliyokatwa vipande visivyofaa na kimeng'enya ambacho nacho kimezidi. Vipande hivyo vilipodungwa katika ngozi ya panya, ngozi iliwaka na kuvimba. Yupo pia mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri, aitwaye Demodeksi, anayeishi katika vinyweleo vya uso wa karibu kila mtu mzima bila madhara. Katika rosasea yenye vipele idadi yake mara nyingi huzidi, na inaelekea huchochea kinga hiyo iliyopotoka. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoanza na kuziba kwa kitundu. Anayesugua uso ili kufungua vitundu anagombana na adui asiyekuwepo, na kila msuguo humwamsha yule aliyepo.

Kuhusu vichokozi, orodha maarufu kuliko zote ilitolewa na Shirika la Kitaifa la Rosasea la Marekani, lililowauliza wagonjwa 1,066 kitu gani huwachochea. Jua lilitajwa na asilimia 81, msongo wa mawazo 79, hali ya hewa ya joto 75, upepo 57, mazoezi mazito 56, pombe 52, na vyakula vyenye viungo vikali 45. Wengi huisoma orodha hii kama orodha ya miiko, wakaanza kujinyima kila kilichomo. Hilo ni kosa. Orodha inaeleza wagonjwa wengi kwa pamoja, haielezi mmoja mmoja. Zaidi ya nusu hawakutaja viungo vikali hata kidogo. Halafu hayo ni maneno ya wagonjwa wenyewe juu ya wanachodhani, na mtu anaweza kukosea asili ya kile anachokihisi.

Mfano mzuri ni chai na kahawa. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa waache kahawa kwa sababu ya kafeini. Mwaka 1981 daktari wa Marekani Jonathan Wilkin alichapisha jaribio dogo lililofikiriwa vizuri. Aliwapa wagonjwa kahawa ya moto ya nyuzi 60 za selisiasi, na siku tofauti maji matupu ya moto ule ule, kahawa iliyopoa hadi nyuzi 22, na kafeini peke yake kiasi cha miligramu 200. Kahawa ya moto iliwasha nyuso zao, na maji matupu ya moto yakafanya vivyo hivyo. Kahawa iliyopoa haikufanya kitu, wala kafeini. Mchokozi alikuwa moto wa kinywaji. Miaka 37 baadaye, watafiti waliochambua habari za wauguzi wanawake wa Marekani zaidi ya 82,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi walikuta kwamba waliokunywa vikombe 4 vya kahawa au zaidi kwa siku walipata rosasea kwa uchache kuliko walioinywa kwa nadra sana. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kahawa ni kinga, lakini unatosha kuivua lawama. Kwa nchi ambazo siku haianzi bila chai, maana yake ni nyepesi: chai haihitaji kuachwa. Imiminwe, iachwe ipoe kidogo, ndipo inywewe.

Tulitazame sasa jambo lenyewe kwa mtu mmoja wa kubuni, ambaye hali yake ni ya kawaida katika miji yetu. Ni mama lishe wa miaka 38. Saa 11 alfajiri anawasha mkaa, na hadi saa 8 mchana yupo kati ya sufuria za maharage, ubwabwa na chai, jua likimwangukia upande mmoja wa kibanda. Kwa miaka mitatu anahisi uso ukimwaka kila anapoinama juu ya mvuke, na akishatoka jikoni unaendelea kuwaka kwa nusu saa nzima. Hakumwambia mtu yeyote, kwani nani asiyehisi joto karibu na moto? Mwaka uliopita mashavu na pua vikaanza kuota vipele. Macho yanamkwaruza asubuhi, naye analaumu moshi. Ngozi yake ni nyeusi, na mtu akimtazama haoni wekundu wowote.

Hapo ndipo maswali yanapozidi macho kwa thamani. Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mwaka 2017, wekundu wa kudumu katikati ya uso unaozidi na kupungua unatosha peke yake kumwita mtu mgonjwa wa rosasea, na kunenepa kwa ngozi ya pua nako kunatosha. Lakini vigezo hivyo hivyo vinatoa njia nyingine kwa ambao dalili hizo mbili hazionekani kwao: wawe na angalau mbili kati ya uso kuwaka mara kwa mara, vipele na usaha, mishipa iliyopanuka, na macho kushikwa. Mama lishe wetu anazo tatu. Aliyemuuliza uso wake unafanya nini akiwa jikoni, na macho yake yana nini akiamka, na akamkagua paji, kifua na mgongo asione kizibo hata kimoja, atakuwa amefika bila kuhitaji kuona wekundu. Daktari wa ngozi mwenye kikuzio chenye taa anaweza hata kuiona mishipa iliyojificha, ikiwa imefumana kama matundu ya wavu. Aliyemtazama tu atamwandikia dawa ya chunusi. Dawa hizo, kama benzoili peroksaidi na tretinoini, huichoma ngozi yake, naye atarudi dukani akisema hali imekuwa mbaya zaidi.

Anaporudi ndipo hatari kubwa inapoanza, kwa sababu krimu atakayopewa sasa inaweza kuwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Ni dawa halali kwa magonjwa fulani ya ngozi, lakini huuzwa kiholela katika maduka mengi ya Afrika Mashariki na huchanganywa ndani ya mikorogo ya kung'arisha uso. Wapo watakaonipinga kwa kusema krimu hiyo inafanya kazi, nao hawasemi uongo. Ndani ya siku chache vipele hunywea na moto hutulia, kwa sababu steroidi hubana mishipa na kuinyamazisha kinga. Lakini mishipa iliyobanwa kwa dawa hutanuka tena dawa inapoisha nguvu, na hutanuka kuliko mwanzo. Ngozi nayo huwa nyembamba kadiri wiki zinavyopita, hadi nyuzi za damu zikaonekana hata mahali ambapo hazikuwepo. Akiacha, uso hulipuka kwa vipele na moto. Akiirudia, unatulia. Mwenyewe huamini kwamba krimu ndiyo inayomponya na kuiacha ndiko kunakomuumiza, kumbe kila mzunguko unampeleka mbali zaidi. Hali hii ina jina lake, rosasea ya steroidi, na humpata hata mtu ambaye hakuwa na rosasea kabla ya kuanza kupaka. Nafuu ya siku tatu haithibitishi kwamba dawa ni sahihi, na kuhusu jambo hili sioni nafasi ya kulegeza maneno.

Pingamizi jingine ni la kitaalamu zaidi. Baadhi ya dawa hutibu magonjwa yote mawili: asidi ya azelaiki hupakwa kwa chunusi na kwa rosasea, na vidonge vya doksisaiklini hutolewa kwa yote mawili. Kama dawa ni ile ile, kwa nini tung'ang'anie jina? Kwa sababu dawa ni sehemu tu ya matibabu. Anayedhani ana chunusi ataendelea kusugua, kukausha na kuosha uso mara tano kwa siku. Hataona sababu ya kujikinga na jua, wala kuhama upande wa sufuria ambako mvuke unaelekea, na macho yake hataonyesha kwa mtu. Tena kuna dawa ambazo zina nafasi katika rosasea zaidi kuliko katika chunusi. Krimu ya ivermektini ya asilimia 1 hupakwa mara moja kwa siku, na jeli au krimu ya metronidazoli ya asilimia 0.75 hupakwa mara mbili. Katika jaribio la wagonjwa 962 lililochapishwa mwaka 2015, baada ya wiki 16 vipele vilikuwa vimepungua kwa asilimia 83 kwa waliotumia ivermektini na kwa asilimia 74 hivi kwa waliotumia metronidazoli. Angalia muda huo: wiki 16. Aliyezoeshwa na steroidi kuona mabadiliko ndani ya siku tatu ataitupa dawa sahihi kabla haijaanza kazi, ikiwa hakuna aliyemweleza.

Mpango wa mama lishe wetu, basi, ungeanza na kuacha kuliko kuongeza. Aache kusugua, aache maji yenye spiriti na sabuni kali, aoshe uso kwa maji yaliyopoa na sabuni laini isiyo na manukato, apake mafuta mepesi yasiyomchoma. Mchana apake losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, yenye madini ya zinki au titani, kwa kuwa hizo huchoma ngozi kidogo kuliko nyingine. Nyingi huacha uso mweusi ukionekana umepakwa majivu, na hiyo ni sababu ya kweli ya watu kuziacha. Zile zilizotiwa rangi ya udongo hupunguza tatizo hilo. Pale zisipopatikana au bei yake ikimshinda, kofia pana na turubai upande wa jua vina kazi kubwa. Afunike sufuria, na akifunua asiinamie mvuke. Kisha ndipo dawa ya kupaka kwa vipele, na vikiwa vingi, doksisaiklini kwa muda maalumu. Wenye mimba hawapewi hiyo, na daktari aambiwe mapema. Kwa wiki mbili au tatu aweke kumbukumbu ya siku uso ulipowaka sana na kilichotangulia. Huenda akagundua kwamba pilipili aliyojinyima haina hatia, na kwamba chai anayoinywa ikichemka ndiyo mkosaji.

Kuna mipaka ya kuitaja wazi. Dawa hizo za kupaka huondoa vipele lakini haziondoi mishipa iliyokwisha kupanuka. Ipo jeli ya brimonidini inayobana mishipa kwa saa chache, ila baadhi ya watumiaji huwaka vibaya zaidi inapoisha nguvu. Mishipa yenyewe huzibwa kwa mwanga wa leza, na hapa ngozi nyeusi inahitaji uangalifu wa pekee. Rangi ya ngozi hufyonza mwanga uliokusudiwa damu, na leza isiyofaa huacha makovu ya moto au madoa meusi na meupe. Aina yenye mawimbi marefu ya nanomita 1,064 hupenya chini ya rangi na ni salama zaidi, lakini kwa mkono wa mtaalamu aliyezoea ngozi kama hiyo. Kwa kuwa nyuzi hizi katika ngozi nyeusi mara nyingi hazionekani, wengi hawana haja ya kuingia katika gharama na hatari hiyo.

Wala si kila uso unaowaka una rosasea. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huwaka pia, lakini kwa kawaida hulowa jasho, na joto humpanda hadi kifuani na shingoni. Wa rosasea huwaka bila jasho hilo. Vidonge vya shinikizo la damu kama nifedipini huweza kuuwasha uso, hivyo orodha ya dawa anazomeza mtu ni sehemu ya maswali. Ugonjwa wa lupasi hutoa wekundu mashavuni unaofanana sana, lakini kwa kawaida huiacha mikunjo inayotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo, hauna usaha, na mara nyingi huandamana na maumivu ya viungo, uchovu au homa. Mwenye dalili hizo anahitaji vipimo, wala si krimu ya aina yoyote.

Macho ndiyo yasiyosubiri. Rosasea ya macho huweza kutangulia ile ya ngozi. Kwa wengi huishia kwenye ukavu na chokea, lakini kwa wachache hufika kwenye kioo cha jicho na kuacha kovu linalopunguza kuona. Maumivu ya jicho, kuogopa mwanga au kuona ukungu ni sababu ya kwenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Kwa ngozi, vituo vya wataalamu vipo ingawa ni vichache. Moshi kuna kituo cha kanda cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na waliosomea huko wamesambaa katika hospitali nyingi za ukanda huu, wakiwemo maofisa tabibu waliobobea katika ngozi. Ukienda kumwona mmoja wao, beba kila tyubu na kila kopo ulilopaka usoni mwaka huu, hata lile lisilo na jina. Na kama unapaka krimu ya steroidi, usiendelee kuipaka kwa siri wala usiiache peke yako ukauvumilia mlipuko wake bila msaada. Mwonyeshe kwanza, kisha mweleze uso wako unafanya nini unapopata joto, hata kama hajakuuliza.